Lubunga: Posti ya watu 380 ilivyoishinda ya watu 2,400

Mama anayeuza vitenge Lubunga hununua megabaiti kwa faida ileile inayomlipia mtumbwi. Kati ya komuni sita za Kisangani, Lubunga ndiyo pekee iliyo ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Mteja wa Makiso au Mangobo hawezi kukishika kitenge chake mpaka mmoja wao avuke maji. Akiweka posti isiyomletea mnunuzi, amepoteza megabaiti, na pengine nauli ya kuvuka pia.

Tuchukue mfano wa muuzaji kama huyo, mwenye ukurasa wa Facebook na simu iliyowekwa kwa Kifaransa. Ameweka posti mbili. Ya kwanza ni video fupi ya abiria wakichekeshana mtumbwini mvua ikinyesha. Ya pili ni picha ya vitenge vitatu, bei imeandikwa chini yake pamoja na siku atakayokuwa ng'ambo. Baada ya siku saba anapiga skrinishoti ya takwimu za kila posti na kuziweka pamoja.

Kwenye video, Couverture ni 2,400, Impressions 3,100 na Interactions 96. Kwenye vitenge ni 380, 940 na 57. Kwa haraka haraka, video imeshinda kila mahali.

Couverture ni idadi ya akaunti zilizofikiwa: mtu akiiona posti mara tano, bado anahesabiwa mmoja. Impressions ni mara ambazo posti ilitokea kwenye skrini, kwa hiyo mtu huyo anaongeza tano. Interactions ni mwitikio, yaani laiki, komenti na kushea vikijumlishwa pamoja.

Hesabu ya kwanza ni kugawa mwitikio kwa watu waliofikiwa. Kwa video, 96 kwa 2,400 ni asilimia 4. Kwa vitenge, 57 kwa 380 ni asilimia 15. Ya pili ni kugawa Impressions kwa Couverture. Video ilionekana kama mara 1.3 kwa kila mtu, vitenge karibu mara 2.5. Huenda watu walirudi kuangalia rangi na bei, au komenti mpya ziliirudisha posti mbele ya macho yaleyale. Takwimu haisemi ni lipi kati ya hayo, kwa hiyo asiishikilie sana.

Kinachofaa zaidi ni kufungua ile 57. Laiki ya rafiki na swali la "bado kipo cha bluu?" zote zinahesabiwa moja moja, ingawa dukani hazina uzito sawa. Tuseme chini ya vitenge kuna komenti 22. Akizisoma anakuta 10 ni majibu yake mwenyewe, kwa maana idadi inayoonekana chini ya posti huyajumuisha. Zinabaki 12, na 9 kati ya hizo zinauliza bei ya jumla au mahali pa kukutana. Chini ya video kuna vicheko vingi, lakini hakuna aliyeuliza kitenge.

Kuna mitego mingine. Watu 2,400 na 380 hawajumlishwi kuwa 2,780, kwa sababu wapo walioziona posti zote mbili. Posti ya siku mbili hailinganishwi na ya wiki nzima, na skrinishoti iliyokatwa tarehe haimsaidii mtu. Tena, mwaka 2024 Meta ilianza kuweka hesabu ya Vues pale palipokuwa na Impressions. Picha ya zamani yenye neno moja isipimwe na mpya yenye neno jingine, kama vile huwezi kupima kitambaa nusu kwa yadi na nusu kwa mita.

Sehemu inayoonyesha wasomaji wanatoka wapi hutaja miji. Laiki za Kinshasa zinapendeza, ila hazivuki mto. Hata jina la Kisangani halimwambii nani yuko Lubunga na nani yuko ng'ambo. Hilo atalijua kwa kuuliza kwenye komenti.

Basi wiki inayofuata anaweka vitenge vingine kwa mtindo uleule, bei na siku ya kuvuka zikiwa wazi, na anarudia mara tatu au nne, maana posti moja inaweza kubahatika. Video haitupi: anaiweka mara mojamoja ili sura mpya ziujue ukurasa, na safari hii anaonyesha kitenge ndani yake.

Wanaoichukua namba yake kwenye picha na kumwandikia WhatsApp hawamo katika ile 57. Hao anawaandika kwenye daftari: tarehe, kitenge walichokiona, na kama walinunua.