Seva Isiyokukumbuka Bado Inaweza Kukutambua

Kijana mmoja tunayeunda naye programu ya simu ya chama cha kuweka na kukopa alinionyesha ombi ambalo programu yake hupeleka kwenye seva. Ndani yake mlikuwa na namba ya mwanachama na nywila yake. Mwanachama akibonyeza kuona salio, nywila inakwenda. Akifungua taarifa ya mkopo, nywila inakwenda tena. Nikamuuliza kwa nini hatumii tokeni.

“Kaka, si tulikubaliana API yetu isitunze kumbukumbu?” akanijibu. “Ukiweka tokeni au sesheni, sharti limevunjika.”

Imani hii nimekutana nayo mara nyingi, hata kwa watu wanaoijua kazi yao. API ni mlango ambao programu moja hupitia kuzungumza na nyingine. Hapa, programu iliyo kwenye simu ya mwanachama inazungumza na seva ya chama. Mlango ukisemwa hautunzi kumbukumbu, wengi huelewa kwamba seva haipaswi kujua anayebisha hodi ni nani. Sharti lenyewe halisemi hivyo.

Aliyeliandika ni Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa kanuni za HTTP, katika tasnifu yake ya mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Alisema kila ombi lazima libebe lenyewe kila kinachohitajika ili lieleweke, na seva isitegemee mambo iliyoyahifadhi kutoka kwenye maombi yaliyotangulia. Kisha akaongeza kwamba hali ya sesheni hukaa yote upande wa mteja. Hapo ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo: tasnifu haikufuta sesheni, ilisema inakaa wapi. Sharti linahusu mahali pa kuweka kumbukumbu.

Ukilielewa hivyo, hoja ya yule kijana inajijibu yenyewe. Nywila aliyokuwa akiituma kila mara ni kitambulisho kilichobebwa ndani ya ombi. Kama kubeba kitambulisho kungekuwa kuvunja sharti, yeye angekuwa amelivunja tangu siku ya kwanza. Hakulivunja. Tatizo lake lilikuwa jingine: alichagua kitambulisho kibaya. Ilibidi simu ihifadhi nywila ili iweze kuirudia, na seva nayo ilikuwa ikiikagua kwa bcrypt, njia iliyotengenezwa makusudi iwe nzito ili mwizi asiweze kubahatisha nywila kwa kasi. Uzito huo unavumilika mtu akiingia mara moja. Ukiurudia kwa kila salio na kila taarifa, seva inachoka bure.

Tukabadilisha. Sasa mwanachama huandika nywila mara moja tu, anapoingia. Seva humpa tokeni ya aina ya JWT, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 2015, na kila ombi linalofuata huibeba hivi:

```
GET /akaunti/4417/salio HTTP/1.1
Host: api.example.com
Authorization: Bearer eyJhbGciOi...
```

Tokeni hiyo ina vipande vitatu vinavyotenganishwa na nukta. Cha kwanza kinataja aina ya saini. Cha pili ndicho chenye habari, nacho kikifunguliwa kinasomeka hivi:

```
{"sub":"4417","iat":1736154000,"exp":1736154900}
```

Maana yake: hii ni ya mwanachama namba 4417, imetolewa saa sita kamili mchana Jumatatu ya tarehe 6 Januari 2025 kwa saa za Afrika Mashariki, na itakwisha saa sita na robo. Zile namba ndefu ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970. Kipande cha tatu ni saini, ambayo seva huipata kwa kukokotoa vipande viwili vya kwanza pamoja na ufunguo wa siri.

Ombi likifika, seva hurudia hesabu ileile. Saini ikilingana na muda ukiwa haujapita, inatoa salio. Mtu akibadilisha 4417 kuwa 4418 ndani ya tokeni ili achungulie akaunti ya jirani, saini haitalingana, naye atajibiwa 401, yaani hajatambuliwa. Seva haikuhitaji kukumbuka chochote kuhusu ombi lililopita. Imekagua karatasi iliyoletwa mbele yake. Ila angalia jambo moja: kipande cha pili hakikufichwa, kimebadilishwa herufi tu, na yeyote anayekishika anaweza kukisoma. Usiweke humo nywila wala namba ya kitambulisho cha taifa.

Sesheni ina maelezo marefu zaidi, na nadhani huko ndiko imani hii ilikozaliwa. Mfumo wa zamani wa chama kile ulikuwa na seva mbili, na mbele yake kigawa maombi kinachopeleka ombi moja huku, jingine kule. Mwanachama akiingia kupitia seva ya kwanza, seva hiyo iliandika kwenye RAM yake kwamba huyu ameingia, ikampa namba ya sesheni. Ombi lake la pili lilikwenda kwa seva ya pili, ambayo haikuwa na habari zake. Kumbukumbu za maombi zilionyesha 200, 401, 200, 401, kwa zamu kabisa. Wanachama wakawa wanapiga simu kulalamika kwamba programu inawatoa kila wanapoingia. Ukiuona mpangilio huo, usianze kuchunguza nywila. Iwashe upya seva moja, na watu wote walioingia kupitia kwake wakitupwa nje, basi kumbukumbu ilikuwa ndani ya RAM yake.

Namba ya sesheni inaweza pia kuwekwa kwenye hifadhidata moja ambayo seva zote zinaisoma. Kwa maneno ya Fielding yalivyo, hapo seva bado inategemea kitu ilichohifadhi, na sitamwambia mtu kwamba sharti limetimizwa kikamilifu. Lakini shida ya 401 za zamu inakwisha, kwa kuwa seva yoyote inaweza kujibu ombi lolote. Gharama yake ni safari moja ya kwenda kwenye hifadhidata kwa kila ombi. Kwa mifumo mingi ninayoijua, gharama hiyo inalipika, na ningeichagua bila aibu.

Tokeni nayo ina bei yake, nayo huonekana mtu anapotaka kutoka. Seva haitunzi orodha ya tokeni ilizotoa, kwa hiyo kitufe cha kutoka kinaifuta kwenye simu tu. Aliyeinakili kabla ya hapo anaweza kuitumia mpaka muda wake uishe. Ndiyo maana tuliipa dakika 15. Ili mwanachama asiandike nywila kila robo saa, simu yake hupewa pia tokeni ya pili, ya kuombea mpya, na hiyo tumeiandika kwenye hifadhidata. Mtu akitoa taarifa kwamba simu imeibwa, tunaifuta, na baada ya hapo mwizi hapati tokeni nyingine.

Zinabaki zile dakika ambazo tokeni aliyo nayo bado inakubalika. Kwa salio tuliona zinavumilika. Kwa kutoa fedha tulikataa: ombi hilo peke yake, baada ya saini kukaguliwa, hupitishwa pia kwenye orodha ya simu zilizoripotiwa kuibwa. Yule kijana ndiye aliyeandika ukaguzi huo, na nywila haimo tena ndani ya maombi yake.