Barua ya Mwenye Duka kwa Kampuni ya Intaneti

Tuchukue duka la steshenari la Mbagala, Dar es Salaam, lenye kompyuta mbili, printa na skana. Asubuhi ni nakala za vitambulisho na lamineti. Fedha nzuri huja jioni, watu wakishatoka kazini na vijana wakishatoka masomoni: huyu anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, yule anatuma vyeti vyake kuomba kazi. Saa hizo hizo ndipo intaneti inapodorora. Mwenye duka akipiga simu huduma kwa wateja anaambiwa azime ruta, asubiri kidogo, aiwashe tena. Kesho yake fundi anafika saa 4 asubuhi, anapima, anakuta kasi ni nzuri, anaandika kwamba hakuna tatizo na kwenda zake.

Fundi hakudanganya. Alipima saa isiyo na ugonjwa.

Kasi inayoshuka kwa kufuata saa mara nyingi hutokana na msongamano, wala si waya mbovu. Waya mbovu hausubiri jua lizame. Husumbua hata mchana. Kampuni za intaneti huwauzia wateja kasi ambayo jumla yake inazidi uwezo wa njia zao, kwa hesabu kwamba si wote watakaotumia kwa wakati mmoja. Biashara hii hufanyika dunia nzima na peke yake si wizi. Tatizo huanza pale wateja wanapoongezwa mtaani bila njia kupanuliwa. Watu wakirudi nyumbani na kuwasha video, data hupanga foleni ndani ya mitambo ya kampuni, na foleni ikijaa, nyingine hutupwa.

Msongamano huo si lazima uwe kwenye faiba inayopita mlangoni. Katika aina ya faiba iliyoenea zaidi majumbani, uzi mmoja hugawanywa kwa splita kwa wateja 32 au 64, nao hugawana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kupakua. Wateja 64 wenye kifurushi cha megabiti 20 kila mmoja, hata wakitumia wote kwa pamoja, hawafikishi gigabiti 1.3. Kwa vifurushi vya aina hiyo, penye kubana panaweza kuwa mbele zaidi, kwenye njia inayotoa mtaa mzima kwenda nje. Ndiyo maana fundi anayepima mwanga wa faiba dukani anaweza kuona kila kitu kiko sawa. Wanaotumia antena ya juu ya paa, kwao kinachogombaniwa aghalabu ni mnara.

Sasa ushahidi. Wengi hutuma picha ya skrini ya kipimo cha kasi kilichochukuliwa kwa simu, na kampuni huikataa kwa jibu moja: hiyo ni Wi-Fi yako. Jibu hilo lina haki yake, maana ukuta, umbali na Wi-Fi za majirani hupunguza kasi kweli. Kwa hiyo kompyuta moja iunganishwe na ruta kwa kebo, Wi-Fi izimwe kabisa, na simu ya mjomba inayojisasisha kimyakimya iwe imetoka kwenye mtandao. Halafu pima saa zilezile kila siku, asubuhi, alasiri na usiku, kwa wiki mbili. Andika yote, hata usiku ambao kasi ilikuwa nzuri. Jedwali lisilo na siku njema hata moja hutiliwa shaka.

Zaidi ya kasi, kuna kipimo kinachoonyesha ucheleweshaji unaanzia wapi. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, uandike:

```
ping -n 50 192.168.1.1
tracert -d 8.8.8.8
```

Amri ya kwanza inaiuliza ruta yako mara 50 na kupima inajibu baada ya muda gani. Namba hiyo ni anwani ya ruta nyingi. Kama yako ni tofauti, iko kwenye kibandiko chake. Amri ya pili inataja kila kituo ambacho data hupitia kuelekea seva ya Google inayojulikana sana, pamoja na muda wa kila kimoja.

Kwenye duka letu, ruta ilijibu kwa milisekunde 1 asubuhi na usiku. Kituo kinachofuata, ambacho ni cha kampuni, kilijibu kwa 4 asubuhi na 190 usiku. Kituo cha mwisho kilitoka 48 kikafika 236. Toa hesabu: ongezeko ni 186 kwenye kituo cha kampuni na 188 mwisho wa safari. Karibu ucheleweshaji wote umezaliwa kati ya ruta ya duka na kituo cha kwanza cha kampuni. Lakini tahadhari: kituo cha katikati kinaweza kuonyesha muda mkubwa kwa sababu tu hakijali kujibu maswali ya namna hii. Kama vituo vya mbele yake vinajibu haraka, hapo hapana kosa. Ushahidi ni ongezeko linaloendelea hadi mwisho.

Kiini cha barua yenyewe kinaweza kuwa hiki:

YAH: KUSHUKA KWA KASI YA INTANETI KILA JIONI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, na malipo yangu hayana deni. Kwa wiki mbili nimepima kwa kebo, kompyuta ikiwa moja na Wi-Fi ikiwa imezimwa. Saa 4 asubuhi (10:00) kasi ya kupakua ilikuwa kati ya megabiti 18 na 20. Saa 2 usiku (20:00) ilikuwa kati ya 2 na 4, isipokuwa siku mbili ambapo ilifika 15. Ruta yangu hujibu kwa milisekunde 1 wakati wote; ucheleweshaji huanza kwenye kituo chenu cha kwanza. Jedwali na picha za skrini nimeambatisha. Kuzima na kuwasha ruta nimeshafanya, na fundi wenu alifika asubuhi, wakati ambapo tatizo halipo.

Naomba mnijulishe kwa maandishi matumizi ya njia inayohudumia eneo langu kati ya saa 1 na saa 5 usiku, tarehe ya kuipanua, na nafuu ya malipo kwa kipindi hiki.

Saa imeandikwa kwa namna mbili kwa makusudi, kwa sababu mitambo ya kampuni husoma 20:00, na “saa 2” ikifasiriwa vibaya wataangalia mchoro wa alasiri. Ombi la matumizi ya njia ndilo lenye meno. Kampuni hurekodi takwimu hizo, na njia iliyojaa kila usiku huonekana kwenye mchoro kama mstari uliolala juu kwa saa kadhaa.

Kabla ya kutuma, soma mkataba. Ukisema “hadi megabiti 20”, kampuni itajificha nyuma ya neno hilo, nawe usidai 20 kamili. Dai kwamba sehemu ya kumi hadi ya tano ya kasi, karibu kila jioni, si huduma uliyouziwa. Angalia pia kama kifurushi kina kikomo cha matumizi kinachopunguza kasi. Kikifikiwa, aghalabu kasi hushuka mchana na usiku bila kurudi asubuhi, na hapo huna kesi.

Peleka barua kwa mkono upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au kwa barua pepe, na udai namba ya malalamiko. Ukipigiwa simu ya kukutuliza, omba jibu hilohilo kwa maandishi. Wakinyamaza, kwa Tanzania hatua inayofuata ni TCRA, na swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulianza kwa mtoa huduma wako na alikujibu nini.