Dola ya 160 na hesabu ya mifumuko miwili

Januari 2024, mwagizaji wa bidhaa jijini Nairobi alihitaji karibu shilingi 160 kupata dola moja ya Marekani. Mwaka mmoja nyuma alikuwa akiipata kwa shilingi 124 hivi. Kila mzigo mpya wa vipuri au mitumba ulipotua Mombasa, bei dukani ilibidi iandikwe upya, na swali lililozunguka kutoka ofisi za benki hadi Gikomba lilikuwa moja: itafika ngapi?

Kisha ikaja Februari, na mambo yakageuka. Ndani ya wiki chache dola ilishuka chini ya 140, na mwaka 2024 ulipofungwa ilikuwa ikiuzwa 129. Aliyenunua dola nyingi Januari akizificha kama akiba alipata hasara kubwa.

Ipo hesabu fupi ambayo ingempa mtu huyo sababu ya kutulia. Haikuweza kumwambia siku ambayo dola ingeshuka. Ingemwonyesha tu kwamba sehemu kubwa ya ile 160 haikutokana na bei za vitu, si za Kenya wala za Marekani.

Wazo lenyewe lilipata jina wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya 1914 sarafu za nchi nyingi kubwa zilikuwa zimefungwa kwenye dhahabu, kwa hiyo thamani ya moja kwa nyingine haikuyumba sana. Vita vilipoanza, serikali ziliachana na dhahabu zikachapisha noti za kugharimia majeshi, na bei zikapanda, lakini kila nchi kwa kasi yake. Mwanauchumi wa Uswidi, Gustav Cassel, alijiuliza sarafu hizo zinapaswa kubadilishwa kwa kiasi gani sasa. Mwaka 1918 alipendekeza njia rahisi: chukua kiwango cha zamani, kizidishe kwa jinsi bei zilivyopanda nyumbani, kisha ukigawe kwa jinsi zilivyopanda ugenini. Aliita wazo hilo usawa wa uwezo wa kununua.

Mantiki yake haihitaji shahada. Shilingi ni karatasi ya kununulia vitu Kenya, na dola ni karatasi ya kununulia vitu Marekani. Ikiwa vitu vya Kenya vimepanda bei kwa asilimia 7 na vya Marekani kwa asilimia 3, karatasi zote mbili zimechakaa, ila shilingi imechakaa zaidi. Inatarajiwa basi dola ipande kwa shilingi kwa tofauti hiyo tu. Ikipanda pungufu, bidhaa za Kenya zinakuwa ghali mbele ya wageni. Ikipanda zaidi, zinakuwa rahisi kupita kiasi, na wauzaji nje wanachangamka.

Hapa ndipo wengi huteleza. Hesabu hii haidai kwamba kikapu cha sokoni kinapaswa kugharimu sawa Nairobi na New York. Kinyozi wa Kayole hatoi huduma yake kwa mtu wa Brooklyn, na nyumba ya kupanga haipandi meli. Tofauti ya bei kati ya miji hiyo miwili inaweza kudumu miaka mingi. Kinachotakiwa ni kwamba tofauti hiyo isibadilike sana, yaani iwapo kikapu cha Nairobi ni nusu ya bei ya kile cha New York leo, kibaki karibu nusu mwakani. Ndiyo maana tunahitaji viwango vya mfumuko wa bei peke yake, bila kujua bei ya kitu hata kimoja.

Sasa tuirudie ile dola. Mwisho wa Desemba 2022 ilikuwa shilingi 123.4. Katika miezi 12 iliyofuata, bei za Kenya zilipanda kwa asilimia 6.6 na za Marekani kwa asilimia 3.4. Tunaandika hivi:

123.4 × 1.066 ÷ 1.034 = 127.2

Kwa hesabu ya mifumuko miwili, dola ilitarajiwa kufika shilingi 127 Desemba 2023. Ilifika 156.5. Shilingi nne tu za ongezeko hilo zilielezwa na bei. Nyingine 29 zilitoka kwingine.

Kwingine huko kulijulikana. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2, ile yurobondi ya 2014, lililotakiwa kulipwa lote kwa mkupuo Juni 2024, na masoko hayakuwa na uhakika kwamba fedha hizo zingepatikana. Riba za Marekani zilikuwa juu, zikivuta mitaji kutoka nchi changa. Mwenye dola aliikalia, na mwenye kuhitaji aliitafuta mapema kabla haijapanda tena, jambo ambalo lenyewe liliipandisha.

Februari 2024 serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kuitumia kununua sehemu kubwa ya lile deni. Mwezi huohuo Benki Kuu iliongeza riba yake hadi asilimia 13, na hatifungani ya miundombinu ya ndani ikatoa faida ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, kiasi cha kuwavutia hata wawekezaji wa nje. Hofu iliyeyuka, na ile 29 ikaanza kuporomoka nayo.

Endelea na hesabu mwaka wa pili. Kuanzia Desemba 2023 hadi Desemba 2024, bei za Kenya zilipanda kwa asilimia 3.0 na za Marekani kwa asilimia 2.9. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba makadirio yetu yanabaki palepale, shilingi 127. Dola halisi ilifunga mwaka kwa 129.3. Kwa hiyo hesabu iliyokosea kwa shilingi 29 baada ya mwaka mmoja ilikosea kwa shilingi mbili baada ya miwili.

Ni vizuri kutoisifu kupita kiasi. Ukaribu huo una bahati ndani yake, na sehemu ya bahati hiyo ni mahali tulipoanzia. Mwishoni mwa 2022 dola zilikuwa adimu, na waagizaji walilalamika kwamba benki ziliwauzia kwa bei ya juu kuliko ile iliyotangazwa. Kama kiwango cha kweli mitaani kilikuwa karibu na 130, basi tungeanza na 130 na kupata 134, na shilingi ya mwisho wa 2024 ingeonekana kuwa na nguvu kuliko bei zinavyoruhusu. Hesabu ya Cassel hubeba kosa la mwaka wa mwanzo mpaka mwisho. Anayeitumia lazima aulize kwanza: siku ile tuliyoanza, kiwango kilikuwa cha kweli?

Tanzania ililijua swali hilo kwa uchungu. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 bei nchini zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Tuseme za nchi inazofanya nazo biashara zilipanda kwa asilimia 5. Ukitoa 5 kwa 30 unapata 25, lakini ukigawa 1.30 kwa 1.05 unapata 1.238, yaani dola ilipaswa kupanda kwa karibu asilimia 24 kila mwaka. Mifumuko ikiwa midogo, kutoa kunatosha. Ikiwa mikubwa, lazima kugawa. Kiwango rasmi hakikupanda kwa kasi hiyo. Mwaka 1985 dola bado iliandikwa shilingi 17 hivi, huku mlango wa nyuma ikiuzwa mara kadhaa ya hapo. Mkulima wa kahawa alilipwa kwa kiwango rasmi na kununua sabuni, akiipata, kwa bei ya ulanguzi. Mwaka 1986 serikali ilipokubali kushusha thamani, dola ilifika 40 kwa hatua kubwa ya kwanza, na kushuka kuliendelea kwa miaka kadhaa. Tofauti ya mifumuko ilikuwa imezuiwa, haikuwa imefutwa.

Kuna makosa ya kawaida kwa wanaojaribu hesabu hii nyumbani. La kwanza ni kuchanganya vipimo. Mfumuko wa wastani wa Kenya kwa mwaka 2023 ulikuwa asilimia 7.7, si 6.6. Zote mbili ni sahihi, lakini ya kwanza inalinganisha mwaka mzima na mwaka uliotangulia. Kama dola yako ni ya Desemba hadi Desemba, mfumuko nao uwe wa Desemba hadi Desemba. La pili ni kugeuza juu chini: kiwango kikiwa shilingi kwa dola, mfumuko wa nchi ya shilingi hukaa juu. Kipimo cha haraka ni kutazama jibu. Nchi yenye mfumuko mkubwa ndiyo ambayo sarafu yake inapaswa kudhoofika, na jibu likisema kinyume, umegeuza.

Kosa la tatu halimo kwenye kalamu, limo kwenye vikapu. Theluthi hivi ya kikapu cha takwimu cha Kenya ni chakula, na cha Marekani hubeba makazi kwa uzito kama huo. Mvua ikikosekana Kitale na unga ukapanda, mfumuko wa Kenya unaruka bila shilingi kuwa imekosa lolote sokoni kwa wageni. Mwaka mmoja wa namna hiyo huvuruga makadirio. Miaka mingi, mvua nzuri na mbaya huelekea kusawazishana.

Anayeiona maana ya haya mfukoni ni yule anayepokea fedha kutoka ughaibuni. Tuchukue mama wa Likoni anayetumiwa dola 200 na binti yake aliyeko Minnesota. Desemba 2022 zilikuwa shilingi 24,680. Desemba 2023 zilikuwa 31,300, na hata baada ya kuondoa mfumuko wa Kenya, zilinunua vitu zaidi kwa karibu asilimia 19. Desemba 2024 zilirudi 25,860. Mama huyo angeweza kuhisi amenyang'anywa. Lakini ukipima kwa bei za 2022, fedha hizo zilinunua pungufu kwa asilimia 5 hivi, na binti yake kule Minnesota, kwa dola 200 zilezile, alinunua pungufu kwa karibu asilimia 6. Mama na binti walikuwa wamerudi karibu mahali pamoja. Mwaka wa 2023 ndio uliokuwa wa ajabu.

Kwa siku za mbele, hesabu hutumia mifumuko inayotarajiwa. Benki Kuu ya Kenya hulenga asilimia 5 kwa mwaka, ya Marekani asilimia 2. Malengo hayo yakitimia, dola inapaswa kupanda kwa karibu asilimia 3 kila mwaka, na ile ya 129 itafika 173 hivi baada ya miaka kumi. Kwa sehemu kubwa ya 2025, hata hivyo, ilikaa papo hapo karibu na 129. Mkulima wa chai wa Kericho, ambaye mauzo yake ni ya dola na vibarua wake hulipwa kwa shilingi, ndiye huanza kubanwa kiwango kinapotulia huku bei za nyumbani zikipanda kuliko za ugenini.