Umepewa mswada usome? Mhariri hataki kujua tu kama uliupenda

Hebu chukulia umetumiwa baruapepe na mhariri wa kampuni ya vitabu hapa Nairobi. Ndani yake kuna faili moja kubwa na ombi fupi: soma mswada huu, utupe ripoti baada ya wiki mbili. Labda ulisomea fasihi chuoni, au unafunza Kiswahili, au mtu alikutaja tu kama msomaji mzuri. Hela si nyingi, lakini kazi ni poa. Swali ni moja: utaandika nini?

Wengi huteleza hapo hapo mwanzo. Wanaandika kurasa nne wakisema hadithi inasisimua, wahusika wanavutia, lugha ni tamu. Mhariri akimaliza kusoma bado hajui afanye nini. Yeye anataka kuamua kama kampuni itaweka pesa kwenye kitabu hicho, na akiamua ndiyo, kipi kirekebishwe kwanza. Ripoti yako ikishindwa kumsaidia hapo, imeshindwa kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuelewane. Mswada ni riwaya ya vijana yenye maneno 42,000 na sura 14. Mhusika mkuu ni Zawadi, msichana wa miaka 14 anayeishi Kongowea, Mombasa. Mama yake anauza mitumba na ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama sokoni. Pesa za chama zinapotea, mama analaumiwa, na Zawadi anaamua kumsaka mwizi.

Usomaji wa kwanza usishike kalamu. Soma kama msomaji wa kawaida, lakini kila unapojikuta ukichukua simu uangalie jumbe, andika nambari ya ukurasa tu. Hiyo ndiyo dalili ya kweli kuliko nadharia yoyote. Katika mswada wetu, tuseme ulishika simu mara tano kabla ya ukurasa wa 25, kisha hukuigusa tena hadi karibu na mwisho. Usomaji wa pili sasa ndio wa kutafuta sababu.

Ripoti yenyewe ianze na muhtasari wa aya moja au mbili, mwisho wa hadithi ukiwemo. Usifiche mwizi ni nani! Mhariri huenda hajausoma mswada wote, na anahitaji kujua hadithi inaishia wapi.

Kisha uje kwenye ubora. Hapa kila sifa iwe na ushahidi. Badala ya kusema mazungumzo ni mazuri, sema kwamba katika sura ya 6, akina mama wanapogombana kuhusu daftari la chama, kila mmoja anatambulika kwa usemi wake hata pasipo kutajwa jina. Ukisema hivyo, mhariri anafungua sura ya 6 na kujionea. Pia anajua mahali ambapo asimruhusu mtu yeyote kupunguza neno, na hiyo ndiyo maana hasa ya sehemu hii.

Udhaifu nao uutenganishe na ladha yako. Kama wewe hupendi hadithi za upelelezi, hilo si kosa la mwandishi. Jiulize: je, mswada unafanya kile ulichoahidi? Wetu umeahidi fumbo la pesa zilizopotea. Lakini sura tatu za kwanza zinasimulia jinsi babu na nyanya walivyohamia Mombasa, na pesa zinapotea sura ya 4. Ndiyo maana ulikuwa ukishika simu. Tatizo la pili ni mwisho: mjomba anatokea ng'ambo, analipa deni lote, na mwizi anatajwa kwa sentensi moja. Zawadi aliyehangaika kwa sura kumi hakutatua chochote. Hapo msomaji atahisi amechezewa shere.

Panga udhaifu kwa uzito. Matatizo ya muundo yatangulie, kisha ya wahusika, halafu madogo kama vile mama kuwa mweka hazina ukurasa wa 31 na kugeuka katibu ukurasa wa 88. Makosa ya tahajia yataje kwa sentensi moja. Hayo ni kazi ya mhariri, na ukiyajaza kurasa mbili utayafunika yale makubwa.

Sasa soko, sehemu ambayo wengi huifunga kwa sentensi moja tu, eti kitabu hiki kinaweza kuwa kitabu teule. Acha hiyo stori. Nafasi ya riwaya teule ya Kiswahili ni finyu sana. Chozi la Heri ya Assumpta Matei iliketi pale kwa miaka kadhaa kabla ya kuipisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Mchapishaji hawezi kuweka bajeti akitegemea nafasi kama hiyo.

Uliza badala yake nani atatoa pesa mfukoni. Zawadi ana miaka 14, kwa hivyo wasomaji wake ni wa sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9. Lakini wanaonunua ni shule na wazazi, na shule huangalia kama kitabu kimeidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Kwa hivyo kama sura ya 9 ina tukio linaloweza kumfanya mwalimu asite, litaje na ueleze kama hadithi inalihitaji. Kisha ingia duka la vitabu, utafute vitatu au vinne vya umri huo, uandike bei, idadi ya kurasa na kile ambacho Zawadi analeta na wao hawana.

Halafu piga hesabu. Kwa maneno kama 280 kwa ukurasa, maneno 42,000 yanafika kurasa 150. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa kurasa 16, kwa hivyo ukiongeza kurasa za mwanzo utafika 160. Tuseme zile sura tatu za kwanza zina maneno 6,000. Zikiondolewa, yanabaki 36,000, na kitabu kinaingia kwenye kurasa 144. Ukichapa nakala 3,000, hizo ni kurasa 48,000 ambazo hazitanunuliwa karatasi. Umeona? Udhaifu mkubwa wa hadithi na tatizo la bei vimetibiwa kwa mkato mmoja. Mhariri akiona hivyo, atakutafuta tena.

Malizia na pendekezo moja wazi: kukubali, kukubali baada ya marekebisho, au kukataa. Huu wetu ni wa marekebisho mawili: hadithi ianze na pesa kupotea, na Zawadi mwenyewe amfichue mwizi. Ukiandika labda, umemrudishia mhariri kazi aliyokulipa uifanye.

Mambo mawili kabla ya kutuma. Kama unamjua mwandishi, awe rafiki au mtu mliyekosana, mwambie mhariri mapema. Na mswada huo usiusambaze kwa yeyote, hata kwa beste wako. Kisha isome ripoti yako ukijiweka katika nafasi ya mwandishi, kwa sababu mara nyingi mhariri humtumia sehemu zake bila jina lako. Palipoandikwa mwisho ni wa kijinga, futa. Andika kwamba mjomba anamnyang'anya Zawadi ushindi wake. Ukali ni ule ule, lakini sasa mwandishi anajua cha kufanya kesho asubuhi.