Ujumbe wa Kesho Yake

Afisa ajira anayesimama bandani siku nzima huzungumza na watu wengi mno, na kufikia jioni sura zimeshamchanganyikia. Kwa hiyo ukitoka tu hapo, andika nyuma ya kadi yake jambo moja mlilozungumza. Kesho yake asubuhi mwandikie:

“Shikamoo mama. Mimi ni yule fundi umeme tuliyezungumza jana kuhusu pampu za sola zinazokwama kwa mchanga wa kisimani. Nimeambatisha picha ya chujio nililokueleza. Naomba dakika 10 wiki ijayo nikuoneshe linavyofanya kazi.”

Pampu ndiyo itakayomkumbusha wewe ni nani. “Nimefurahi kukufahamu” pekee angeweza kuiandika yeyote. Wasifu usiupeleke bado, isipokuwa aliuomba mwenyewe.