Mistari Mitatu, Mwanafunzi Mmoja

Katika ripoti ya mahudhurio ya Zoom, kila mara mwanafunzi anapoingia darasani huandikiwa mstari mpya wenye `Join time`, `Leave time` na `Duration`. Aliyekatikiwa mtandao mara mbili huonekana mara tatu. Mwalimu mwenye haraka akiangukia mstari wa mwisho, humhesabu kuwa amechelewa mno, hivyo mwanafunzi akimtumia picha ya skrini ya ripoti hiyo bila maelezo, huweza kujiponza.

Tuchukue kipindi cha saa 2:00 hadi 3:20 asubuhi, dakika 80. Picha inaonyesha 8:14 hadi 8:31, kisha 8:36 hadi 8:38, kisha 8:41 hadi 9:20. Dakika 17, 2 na 39 zinafanya 58, na zilizopotea ni 22.

Lakini hizo 22 hazina uzito mmoja. Mapengo mawili ya katikati, la dakika 5 na la dakika 3, yana dalili za mtandao dhaifu: mtu anarudi, anadumu dakika mbili, anatoka, anarudi tena. Anayetoroka kipindi kwa kawaida hahangaiki hivyo. Zile 14 za mwanzo ndizo ngumu. Ripoti haihesabu muda kabla mtu hajafanikiwa kuunganishwa, kwa hiyo aliyekuwa akihangaika kuunganisha na aliyekuwa bado amelala huonekana sawa. Hapo unahitajika ushahidi wa nje, na ukikosekana ni heri kusema hivyo waziwazi.

Ningekuwa mwanafunzi huyo, ningemwandikia mwalimu hivi:

“Shikamoo Mwalimu. Naomba kueleza mahudhurio yangu ya leo. Mistari mitatu yenye jina langu kwenye picha ni ya kipindi hikihiki. Niliingia saa 2:14, nikakatikiwa mtandao saa 2:31 na tena saa 2:38, kisha nikakaa tangu saa 2:41 hadi mwisho. Jumla ni dakika 58 kati ya 80. Dakika 14 za mwanzo nilikuwa nikijaribu kuingia bila mafanikio. Ripoti haionyeshi hilo, ila naambatisha ujumbe niliomwandikia kiongozi wa darasa saa 2:05. Kama kipindi kilirekodiwa, naomba nisikilize sehemu nilizokosa.”

Saa zimeandikwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Kama mwalimu amezoea kusoma 8:14, ziandikwe kama zilivyo kwenye picha ili asilazimike kubadilisha kichwani. Picha yenyewe ibaki na tarehe na vichwa vya safu, ila majina na barua pepe za wenzako yafunikwe.

Jambo moja humpasa mwalimu mwenyewe. Akiweka alama kwenye `Show unique users`, mistari mitatu huunganishwa kuwa mmoja. Jumla ya dakika hubaki, lakini mapengo ya katikati hupotea machoni, na pamoja nayo dalili pekee ambayo ripoti ilikuwa nayo ya mtandao kukatika.