Hasira haianzi pale inapolipuka



Katika chumba cha mashauri nasikia neno moja karibu kila juma: «Mchungaji, ilinishika ghafla.» Baba amempiga mtoto, mama amemtukana jirani kwenye bomba la maji, kijana amevunja simu yake mwenyewe ukutani, na wote wanasema ni ghafla. Mimi siwaiti waongo. Lakini tukikaa chini na kurudi nyuma saa kwa saa, sijaona bado hasira iliyokuja ghafla. Aliyeguswa ghafla ni yule mwenye nayo, kwa sababu ilikuwa inapanda tangu asubuhi naye hakuitazama.

Tutenganishe kwanza mambo mawili. Hasira ina mtu na ina neno: fulani amenidhulumu, amenidharau, amevunja ahadi. Unaweza kuonyesha kidole. Kile ambacho huku mitaani tunakiita kasirani ni kitu kingine kidogo. Ni ile hali ambamo kila kitu kinakuchoma na huwezi kuonyesha kidole kwa mtu. Sauti ya redio ya jirani, mlango unaogonga, mtoto anayeuliza mara ya pili. Kasirani mara nyingi inatoka mwilini: njaa, usingizi mchache, maumivu, joto, mawazo ya deni. Ni kama nyasi kavu. Hasira ni kiberiti. Siku ambayo nyasi ni mbichi, kiberiti kinaanguka na kuzima.

Waebrania walijua kwamba jambo hili liko mwilini. Katika lugha yao neno «af» lina maana ya pua, na ndilo neno hilohilo wanalotumia kwa hasira. Mtu akikasirika, wanasema pua yake inawaka. Na mvumilivu anaitwa «erek apayim», yaani mrefu wa pua. Ndivyo ilivyoandikwa katika Kutoka 34:6 na Mithali 14:29, ijapokuwa Biblia zetu zinatafsiri kwa maana yake tu. Tena someni Mwanzo 4, mstari wa 5 hadi wa 7. Kabla Kaini hajanyosha mkono, uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika, na Mungu akamwuliza juu ya uso huo. Swali lilikuja wakati mkono ungali mtupu. Kati ya uso na mkono kulikuwa na nafasi, na somo letu leo ni nafasi hiyo.

Mwaka 1915 daktari mmoja Mmarekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa woga na hasira. Alionyesha kwamba mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, damu inaelekea kwenye misuli, tumbo linasimamisha kazi yake, sukari inaongezeka katika damu. Kwa hiyo kabla ya neno baya kutoka, mwili umekwisha kutoa habari. Taya linakaza, mabega yanapanda, masikio yanapata moto, pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani. Kila mtu ana alama zake, na hazifanani kati ya mume na mke.

Tuchukue baba mmoja, namna ya wale ninaowapokea. Ni dereva wa pikipiki, ana watoto 4. Saa kumi na mbili na nusu ya jioni mtoto wake amemwaga bidoni ya maji, naye akampiga hadi majirani wakaingia. «Ilinishika ghafla.» Basi tulirudi nyuma pamoja, na kila kituo nikamwomba atoe hesabu, kutoka 0 mpaka 10, ambapo 0 ni utulivu kabisa na 10 ni mlipuko.

Asubuhi aliamka baada ya kulala saa 4 tu, akatoka bila kula: alijipa 2. Saa nne abiria alikataa kulipa bei waliyopatana: 3. Saa nane watu wa rulaji barabarani walimsimamisha na fedha ya mchana ikaondoka: 5. Hapo, akakumbuka, taya lilianza kumwuma. Saa kumi na moja alikuwa bado hajala, na kichwani alirudia maneno ambayo angemwambia yule wa rulaji, mara kumi, mara ishirini: 6. Saa kumi na mbili alifika nyumbani, umeme hakuna, na mke akamwuliza juu ya minerivali ya shule: 7. Hakujibu ila neno moja moja. Halafu bidoni ikaanguka.

Tazameni vizuri. Mtoto alimkuta baba kwenye 7. Maji yaliongeza labda 1 peke yake, lakini yalilipa deni la siku nzima. Baba yule alipoona hesabu kwenye karatasi alinyamaza sana, kisha akasema: «Kumbe mtoto amelipa faini ya rulaji.»

Nilimwomba mke wake aseme yeye anaona nini. Hili ni jambo la maana, kwa sababu wa nyumbani wanaona alama zetu kabla yetu. Alicheka kidogo, akasema: «Mchungaji, pale anaanzaka kuongea Kifaransa, watoto wote wanajua ya kama moto iko karibu.» Mume hakuwa anajua. Basi wakapata alama mbili za kweli: taya, ambalo yeye mwenyewe anaweza kulisikia kwenye 5, na Kifaransa, ambacho mke anakisikia kwenye 6 au 7. Ukipata alama mbili za namna hiyo, zako mwenyewe, inatosha.

Kuna pia alama za mawazo. Zile ninazozisikia zaidi ni maneno ya «sikuzote» na «hata siku moja»: sikuzote wananidharau, hata siku moja hanisikilizi. Na ile ya kurudia ugomvi kichwani, kama dereva yule. Unapojikuta unamhutubia mtu ambaye hayuko, hesabu yako inapanda hata kama umekaa kimya kitini.

Kazi ya juma la kwanza ni ndogo. Chukua kijitabu, na mara 3 kwa siku, mchana, unapofika nyumbani, na kabla ya kulala, andika namba yako na kile mwili unachosema. Usijaribu kubadili kitu. Unajifunza tu kusoma. Wengi katika siku za kwanza wanaandika 0, 0, halafu 9. Hiyo haina maana kwamba hasira yao inaruka. Ina maana kwamba namba za katikati hawajazisikia bado. Waanze basi na 9 na kurudi nyuma, kama tulivyofanya na dereva.

Juma la pili unachagua namba ya kusimama. Mimi nashauri 4, wala si 7. Kwenye 7 mtu anaamini kabisa kwamba ana haki, na mtu mwenye haki hasimami. Kwenye 4 bado unaweza kucheka. Dereva wetu angefanya nini kwenye 4 au 5? Angesimamisha pikipiki, angekula hata mandazi mawili, angekaa kivulini na kupumua polepole: kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4, kuitoa kwa hesabu ya 6, kwa muda wa dakika 5 hivi. Kutoa pumzi kwa urefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza mbio za moyo. Na jioni angemwambia mke mlangoni: «Leo niko kwa tano, nipe nile kwanza, minerivali tutaizungumza baada ya chakula.»

Kama umekwisha kufika 7, maneno hayasaidii tena, toka. Lakini toka kwa utaratibu. Sema unakwenda wapi na utarudi saa ngapi: «Natembea mpaka barabarani, narudi baada ya nusu saa.» Mwili hautulii kwa dakika 2, upe dakika 20 angalau, na zaidi kama unaendelea kurudia ugomvi kichwani. Usiende kunywa, na usipande pikipiki. Kisha urudi saa uliyosema, na jambo lenyewe lizungumzwe. Wapo wanaotoka na kurudi usiku wa manane, au kununa siku 3, wakiita hiyo kujizuia. Hiyo ni adhabu, na mke anaijua.

Makosa mengine ninayoyaona. Kuna wanaosema hasira lazima itolewe, upige mto au ukuta mpaka iishe. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman alijaribu jambo hilo: watu waliopiga mfuko huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira nyingi kuliko wale waliokaa bila kufanya kitu. Kuna pia kosa letu sisi watu wa kanisa, la kutabasamu na kusema «nimesamehe» huku taya limekaza. Namba haikushuka, imefunikwa tu. Na kuna baba aliyegeuza namba kuwa fimbo: «Ninyi, nimefika nane, angalieni!» Namba ni ya kujisoma, haikuwekwa kwa kuogofya nyumba.

Neno moja juu ya mfungo na kesha, kwa kuwa tunafunga sana. Mtu aliyefunga siku 3 na kukesha usiku mbili anaanza asubuhi yake kwenye 3 au 4. Ajue hivyo. Akitoka kwenye kesha asianze na mambo ya fedha wala kukagua daftari za watoto, alale kwanza. Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, alipewa usingizi na chakula kabla ya neno lolote, 1 Wafalme 19. Baadhi yetu tunakimbilia kukemea pepo la hasira kwa mtu ambaye hajalala juma zima.

Sasa, namba hizi zina mipaka. Kama katika nyumba kuna kupigwa, anayepigwa asiambiwe achunge namba za mwingine. Kwanza apate mahali pa usalama. Na kwa wale waliopita katika vita, wanaoshtuka kwa kila kishindo, wanaoota yaleyale kila usiku, na hasira yao ilianza baada ya mambo hayo: waende kituo cha afya waeleze yote matatu pamoja, usingizi, kushtuka na hasira. Maombi yataendelea, lakini waende.

Utajuaje kama unasonga mbele? Usitazame kama hasira imekwisha, kwani haitakwisha. Tazama namba ambayo uliamkia. Dereva wetu juma la kwanza alijitambua kwenye 9, baada ya tendo. Juma la tatu kwenye 7, mke alipomwambia kwa upole: «Baba, Kifaransa.» Juma la tano ameandika katika kijitabu chake, kwa kalamu ya rangi nyekundu ya mtoto: saa nane, rulaji, taya, 5, nimekula muhogo.